Faida iko ku bilani, lakini ku kese hamuna kitu: vipimo viwili vya kusoma kabla ya kukopa



Kila baada ya mavuno, katika tambarare ya Ruzizi toka Kiliba mpaka Luvungi, kuna ulizo moja linalorudi katika mikutano. Komite inasoma ripoti na kusema: mwaka huu tumepata faida. Memba mmoja anasimama nyuma na kuuliza: “Kama tumepata faida, feza ya mupunga wangu iko wapi? Toka mwezi wa sita mulibeba magunia yangu, mpaka leo sijalipwa.” Mara nyingi watu wanafikiri kuna mwizi. Inawezekana mwizi yuko. Lakini inawezekana pia kwamba hakuna hata mmoja aliyeiba, na kwamba faida ni ya kweli, ila tu feza haiko pahali ambapo inaweza kulipa deni la leo.

Somo hili linafundisha namna ya kutenganisha mambo mawili. La kwanza ni uwezo wa kulipa kwa wakati, ambao wenye hesabu wanauita likidite. La pili ni uzito wa deni, maana yake: ndani ya mali tunayoitumia, ngapi ni ya kukopa na ngapi ni yetu wenyewe. Vyote viwili vinahesabiwa kwa kugawanya tu, na namba zake zote ziko tayari katika bilani. Memba yeyote anayejua kutumia kalkilatrisi ya simu anaweza kuvihesabu akiwa amekaa katika mukutano.

Bilani ni picha ya siku moja

Bilani ina pande mbili. Upande wa kwanza unaonyesha mali iko wapi: katika kese, benki, depo, mikononi mwa wateja, ao katika nyumba na mashini. Upande wa pili unaonyesha mali hiyo ilitoka wapi: kwa watu tunaowadaiwa, ao kwetu wenyewe. Pande zote mbili sherti zilingane, kwa sababu kila dola iliyo ndani ya koperativi ina pahali ilipotoka.

Kitu cha maana zaidi katika kusoma bilani ni wakati. Mali inayoweza kugeuka feza ndani ya miezi 12 inaitwa mali ya muda mfupi. Nyumba na mashini ni mali ya muda mrefu, kwa sababu hatuviuzi, tunavitumia. Deni vilevile: linalopaswa kulipwa ndani ya miezi 12 ni deni la muda mfupi, na linalobaki ni la muda mrefu. Ukishatenganisha hivyo, nusu ya kazi imekwisha.

Na hapa kuna jambo ambalo wamemba wengi hawalijui. Wewe uliyeleta mupunga na bado hujalipwa, jina lako liko katika bilani mara mbili. Kwa sehemu zako za kapitali, wewe ni mwenye mali. Kwa magunia yako, wewe ni mtu anayedai, na deni lako ni la muda mfupi, sawasawa na la muuza mbolea.

Kampuni moja ya sukari iliyowaachia wakulima deni

Hapa Uvira tunajua kiwanda cha sukari cha Kiliba, kilichosimama mwaka 1996 juu ya vita. Hicho hakikuuawa na bilani. Mfano unaofaa somo letu ni wa Kenya ya magharibi: kampuni ya sukari ya Mumias. Ilianza kusaga miwa katika miaka ya 1970, na mwaka 2001 hisa zake zikaanza kuuzwa katika soko la hisa la Nairobi. Kwa hiyo hesabu zake zilitangazwa kila mwaka, na kila mtu aliweza kuzisoma.

Katika mwaka wa hesabu uliokwisha Juni 2012, Mumias ilitangaza faida ya karibu shilingi bilioni 2 za Kenya. Mwaka uliofuata, ilitangaza hasara ya zaidi ya bilioni 1,6. Hasara ziliendelea mwaka baada ya mwaka. Kila hasara ilikula mali ya wenye hisa, na deni likabaki pale pale likidai riba. Mali ya wenyewe ikipungua na deni lisipungue, uzito wa deni unapanda hata kama hakuna aliyekopa senti mpya. Wakati huohuo wakulima walioleta miwa walikaa miezi mingi bila kulipwa. Wengine wakaacha miwa, wengine wakaipeleka kwa viwanda vingine. Kiwanda kikakosa miwa ya kusaga, na bila kusaga hakuna feza ya kulipa. Mwezi wa tisa 2019, benki ya KCB iliyokuwa inaidai kampuni ikaweka msimamizi wake ndani.

Tuone mpangilio wa mambo hayo. Mashamba yalikuwepo, mashini zilikuwepo, majina ya wakulima yalikuwepo. Ila mali ya muda mrefu haikuweza kulipa deni la muda mfupi. Na wa kwanza kukosa feza alikuwa mkulima, kwa maana benki ina rehani na mkulima hana.

Bilani ya koperativi ya mfano

Sasa tuje kwetu. Tuchukue koperativi ya mupunga ya mfano, tuliyoitunga kwa ajili ya somo. Iko na depo moja na mashini moja ya kukoboa. Hesabu ni za dola, za tarehe 31 Julai, kiisha mavuno ya msimu B.

Mali iko wapi:

- Kese na benki: 1.500
- Wateja wanaotudai sisi hapana, sisi ndio tunawadai: 6.500
- Stoki ya mupunga, tani 30 kwa dola 400 kila tani: 12.000
- Jumla ya mali ya muda mfupi: 20.000
- Depo: 14.000
- Mashini ya kukoboa: 10.000
- Jumla ya mali ya muda mrefu: 24.000
- Jumla yote: 44.000

Mali ilitoka wapi:

- Deni la wamemba kwa mupunga walioleta: 9.000
- Deni la muuza mbolea: 3.000
- Mkopo wa mashini, sehemu ya kulipa ndani ya miezi 12: 4.000
- Jumla ya deni la muda mfupi: 16.000
- Mkopo wa mashini, sehemu inayobaki: 8.000
- Mali yetu wenyewe: sehemu za wamemba 6.000, akiba 5.000, msaada wa kujenga depo 6.000, faida ya mwaka 3.000. Jumla: 20.000
- Jumla yote: 44.000

Angalia mkopo wa mashini. Kwa jumla ni 12.000, lakini tumeukata vipande viwili, 4.000 na 8.000. Koperativi nyingi zinauandika wote katika muda mrefu. Hapo deni la muda mfupi linaonekana dogo kuliko lilivyo, na siku ya kulipa benki inafika kama mgeni ambaye hakutazamiwa.

Kipimo cha kwanza: tunaweza kulipa kwa wakati?

Gawanya mali ya muda mfupi kwa deni la muda mfupi:

20.000 ÷ 16.000 = 1,25

Maana yake: kwa kila dola 1 tunayopaswa kulipa ndani ya mwaka, tuko na dola 1 na senti 25 zinazoweza kugeuka feza ndani ya mwaka huohuo. Ikiwa jibu ni chini ya 1, kuna mtu ambaye hatalipwa kwa wakati, labda tukope tena ao tuuze mali. Katika masomo ya fedha, walimu wanapenda kusema kwamba 2 ndiyo namba nzuri. Hiyo si sheria. Duka linalouza kila siku linaweza kuishi na namba ndogo. Koperativi ya mupunga inavuna mara mbili kwa mwaka, na barabara ikikatwa na mvua gari haipiti, kwa hiyo inahitaji nafasi kubwa zaidi.

Sasa tufanye hesabu ya ukali zaidi. Stoki si feza. Sherti kwanza ikobolewe, mnunuzi apatikane, gari ipatikane, kiisha mnunuzi alipe. Kwa hiyo tunaondoa stoki, tunabakiza kese na madai ya wateja tu:

(1.500 + 6.500) ÷ 16.000 = 0,50

Hapa jibu la yule memba aliyesimama nyuma linaonekana wazi. Kabla mupunga haujauzwa, kwa kila dola 1 ya deni tuko na senti 50 tu, na nyingi ya hizo ziko bado mifukoni mwa wateja. Feza yake haijaibiwa. Imelala katika depo, katika magunia, na sehemu nyingine imegeuka mashini.

Kipimo cha pili: deni linatulemea kiasi gani?

Gawanya mikopo yote inayolipiwa riba kwa mali yetu wenyewe:

12.000 ÷ 20.000 = 0,60, yaani asilimia 60

Kwa kila dola 100 zetu, tumekopa 60. Wengine wanahesabu kwa njia nyingine: wanachukua mkopo na kuugawanya kwa mkopo pamoja na mali ya wenyewe, 12.000 ÷ 32.000, na kupata asilimia 37,5. Njia zote mbili ni sawa, lakini mtu asizichanganye. Mwaka huu ukitumia moja na mwaka kesho nyingine, utafikiri deni limepungua, na kumbe ni hesabu tu imebadilika. Sisi tutashika ile ya kwanza.

Kwa nini uzito wa deni ni hatari? Kwa sababu riba haiangalii mavuno. Tuseme mkopo wetu ni wa asilimia 2 kwa mwezi. Juu ya 12.000 hiyo ni dola 240 kwa mwezi, na kwa mwaka 2.880, kama tunahesabu kwa urahisi bila kupunguza deni linalolipwa polepole. Mwaka huu kazi yetu ilileta 5.880 kabla ya riba. Tukitoa 2.880, inabaki faida ya 3.000.

Tuseme sasa mwaka kesho mto umekata mufereji na mavuno yamepungua, kazi ikaleta nusu tu, 2.940. Riba ni ileile 2.880. Inabaki dola 60. Mapato ya kazi yamepungua kwa nusu, lakini faida imekwisha karibu yote. Koperativi isiyo na deni ingebaki na zile 2.940 nzima. Hiyo ndiyo tabia ya deni: mwaka mzuri linakusukuma mbele, mwaka mbaya linakusukuma shimoni kwa nguvu ileile.

Neno moja juu ya msaada wa depo. Kwa hesabu, zile 6.000 zinaandikwa katika mali yetu, na hilo si kosa. Lakini msaada haurudi kila mwaka, na depo ambayo shirika lilitujengea si rahisi kuiuza ili kulipa benki. Mukopeshaji mwenye akili atauondoa, kiisha atahesabu 12.000 ÷ 14.000, karibu asilimia 86. Tuhesabu sisi wenyewe kabla yake.

Toka karatasini, tuingie katika depo

Vipimo hivi haviwezi kuwa vya kweli kuliko namba zilizoingia ndani yake. Namba mbili ndizo zinadanganya mara nyingi: stoki na madai ya wateja. Kese ni rahisi, unaihesabu mezani. Hizo mbili zinahitaji miguu.

Kamati ya uchunguzi ya koperativi yetu ya mfano ikaingia katika depo na kufanya mambo matatu. Ilihesabu magunia na kupima uzito wa baadhi yao. Ilichoma sindano ya kuchukulia sampuli katika magunia ya chini, yale yanayogusa ukuta na yale yasiyo na mbao chini yake. Mupunga uliokauka vizuri unalia ukiuma punje kwa meno, inavunjika kwa sauti. Ule wenye maji unabonyea, na ukinusa unasikia harufu ya ukungu. Kiisha kamati ikauliza bei ya siku hiyo sokoni, si bei ya mwezi wa tatu wakati mupunga ni adimu.

Iligundua kwamba tani 30 ziko kweli, lakini 4 zimeingia unyevu na mnunuzi atatoa nusu ya bei tu. Na bei ya soko kiisha mavuno ilikuwa 300 kwa tani, si 400. Basi stoki ya kweli ni tani 26 kwa 300, yaani 7.800, na tani 4 kwa 150, yaani 600. Jumla 8.400. Bilani ilisema 12.000. Zimepotea 3.600.

Kisha kamati ikafungua kaye ya wateja na kuangalia tarehe. Katika zile 6.500, kulikuwa na 2.500 za mnunuzi mmoja ambaye amepita mwaka mzima bila kulipa, na simu yake haiingii tena. Deni la mteja ni kama samaki wa ziwa letu: kila siku inayopita linapoteza thamani. Zimebaki 4.000 za kuaminika.

Tuandike upya:

- Kese 1.500, wateja 4.000, stoki 8.400. Mali ya muda mfupi: 13.900
- Deni la muda mfupi: 16.000, halikupungua hata dola moja
- Mali yetu wenyewe: 20.000 kutoa 3.600 kutoa 2.500 = 13.900

Namba mbili za 13.900 zimefanana kwa bahati tu, zisikuchanganye. Sasa vipimo:

- Uwezo wa kulipa: 13.900 ÷ 16.000 = 0,87
- Uzito wa deni: 12.000 ÷ 13.900 = 0,86, yaani asilimia 86

Tuliingia katika depo na 1,25, tukatoka na 0,87. Ile faida ya 3.000 haiko: tukitoa 6.100 zilizopotea, ni hasara ya 3.100. Na angalia namna hasara inavyofanya kazi. Wadai hawaguswi. Hasara yote inakatwa upande wa mali yetu, ndiyo sababu uzito wa deni umepanda bila mkopo mpya. Ni njia ileile ambayo Mumias ilipita, kwa namba kubwa zaidi.

Mambo mawili yaliyokuwa yanangojea kura

Mukutano mkuu ulikuwa na mapendekezo mawili: kugawanya faida ya 3.000 kwa wamemba, na kukopa 10.000 kununua mashini ya pili.

Pendekezo la kwanza lingeanguka hata bila uchunguzi wa depo. Kese ilikuwa na 1.500 tu, huwezi kugawa 3.000. Tena sheria ya koperativi ya OHADA, shirika ambalo Kongo iliingia mwaka 2012, inataka kwanza sehemu ya faida iende katika akiba za lazima, kabla ya kugawa lolote. Na baada ya uchunguzi, hakuna faida ya kugawa. Kugawa faida isiyokuwepo ni kula kapitali ya wamemba na kuiita matunda.

Pendekezo la pili tulihesabu. Mikopo ingefika 22.000 juu ya mali yetu ya 13.900, yaani asilimia 158. Riba ingekuwa 5.280 kwa mwaka. Kumbuka kwamba kazi yote ya mwaka, kwa hesabu ya kwanza, ilileta 5.880. Mashini ya pili ingepaswa kuleta riba yake ya 2.400, pamoja na mazuti, mukanikisi na sehemu ya kurudisha mkopo. Kabla ya kusema ndiyo, ulizo ni hili: mashini ya kwanza inafanya kazi saa ngapi kwa siku, na siku ngapi kwa mwaka? Kama inasimama miezi minne ikingoja mupunga, ya pili itasimama nayo.

Dawa gani?

Kuna dawa inayoonekana nzuri na haisaidii. Mtu anaweza kusema: tuuze tani 10 nzuri haraka kwa 3.000 tuwalipe wamemba 3.000. Ni jambo la haki kulipa. Lakini hesabu inasema: mali 10.900, deni 13.000, kipimo 0,84. Kimeshuka kidogo toka 0,87. Wakati kipimo kiko chini ya 1, kulipa deni kwa mali ileile hakukipandishi. Kikiwa juu ya 1, kulipa kunakipandisha: kwa hesabu ya zamani, ukilipa 4.000 unapata 16.000 ÷ 12.000, yaani 1,33, na hakuna dola moja mpya iliyoingia. Kwa hiyo ukiona koperativi imelipa madeni mengi siku mbili kabla ya kufunga hesabu, usishangilie bado.

Kinachoponya ni mali mpya ya wenyewe. Katika mfano wetu, wamemba walijadili hivi: katika zile 9.000 wanazodai, wanaotaka waache jumla ya 4.000 zigeuke sehemu za kapitali. Deni la muda mfupi linashuka mpaka 12.000, mali yetu inapanda mpaka 17.900.

- Uwezo wa kulipa: 13.900 ÷ 12.000 = 1,16
- Uzito wa deni: 12.000 ÷ 17.900 = asilimia 67

Vipimo vyote viwili vimepona pamoja, na hatukukopa. Lakini tuseme ukweli: memba anayekubali anatoa kitu. Feza ambayo angeweza kudai mwezi ujao, sasa amefanya mali ambayo haitoki kirahisi. Kwa hiyo sherti iwe kwa hiari, kila mmoja aandike kiasi chake na aweke sahihi, apewe karatasi ya sehemu zake. Mama mjane anayengojea feza ya masomo ya watoto asilazimishwe kwa makofi ya mukutano. Yeye alipwe wa kwanza.

Jambo la pili ni kuzungumuza na mukopeshaji ili tarehe za kulipa zifuate mavuno. Kulipa 2.000 kiisha msimu A na 2.000 kiisha msimu B ni afazali kuliko kulipa kila mwezi kutoka katika kese iliyo tupu. Jumla ya mwaka haibadiliki na kipimo hakibadiliki, lakini kulipa kunawezekana. Vipimo vinasema kiasi, havisemi tarehe. Ndiyo sababu kando ya bilani sherti kuwe na karatasi ya mwezi kwa mwezi: feza gani inaingia, feza gani inatoka.

Na kumbuka tena neno la picha. Hesabu yetu ni ya 31 Julai, depo imejaa. Piga picha ileile tarehe 31 Desemba, mupunga wa msimu A uko bado shambani, mbolea imekopwa: utaona namba nyingine kabisa. Linganisha Julai na Julai, Desemba na Desemba. Na linganisha koperativi yako na mwaka wake uliopita, kabla ya kuilinganisha na jirani.

Zoezi la kufanya katika kikundi

Ushirika wa muhogo uko na kese 800, wateja 1.200, stoki 2.000. Vitu vya muda mrefu ni 5.000. Deni la muda mfupi ni 2.500, na ndani yake 500 ni sehemu ya mkopo wa benki. Mkopo unaobaki wa muda mrefu ni 1.500. Mali ya wenyewe ni 5.000. Wanataka kukopa 3.000 kununua pikipiki ya magurudumu matatu. Mukopeshaji wa kwanza anataka alipwe yote ndani ya miezi 12. Wa pili anakubali miaka 3, kwa 1.000 kila mwaka. Hesabuni vipimo kabla na baada, kiisha muangalie majibu.

Kabla: uwezo wa kulipa 4.000 ÷ 2.500 = 1,60; bila stoki 2.000 ÷ 2.500 = 0,80; uzito wa deni 2.000 ÷ 5.000 = asilimia 40.

Baada, kwa mukopeshaji yeyote: uzito wa deni 5.000 ÷ 5.000 = asilimia 100. Lakini uwezo wa kulipa unatofautiana. Kwa wa kwanza ni 4.000 ÷ 5.500 = 0,73. Kwa wa pili ni 4.000 ÷ 3.500 = 1,14. Pikipiki ni ileile na deni ni lilelile. Wa kwanza anataka kitu kitakachofanya kazi miaka mitatu kilipwe kwa mapato ya mwaka mmoja, na anayebaki bila kulipwa atakuwa mwenye muhogo. Ikiwa riba ya wa pili ni kubwa zaidi, iwekeni nayo mezani kabla ya kuchagua.

Mukutano ujao, mkontabule akimaliza kusoma bilani, memba mmoja aulize maulizo matatu: sehemu ya mkopo ya mwaka huu imeandikwa wapi? Stoki imepimwa na nani, kwa bei ya siku gani? Na mteja wa zamani kuliko wote anadaiwa toka lini? Majibu yakipatikana, kugawanya ni kazi ya dakika mbili.